Ankara moja ya mwezi: jinsi dilivari noti zinavyobeba deni la mizigo midogo midogo

Mfanyabiashara anayepeleka mzigo kwa mteja mmoja mara tano au sita kwa wiki hawezi kumwandikia ankara kila safari bila kumchosha mhasibu wa upande wa pili. Ndiyo maana hoteli, shule, hospitali na kampuni za ujenzi katika miji ya eneo letu hupenda mtindo wa ankara moja ya mwezi. Mizigo inapelekwa mwezi mzima, kila mmoja na dilivari noti yake, na mwisho wa mwezi muuzaji anajumlisha yote katika ankara moja.

Mtindo huo unapunguza makaratasi, lakini una hatari ambayo wengi huigundua siku ya malipo. Ankara ya mwezi ni jumla tu. Kinachothibitisha kwamba mteja anadaiwa ni zile dilivari noti zilizotiwa saini, na mhasibu wa mteja akikuta moja yenye kasoro, mara nyingi hulaza ankara nzima mezani hadi kasoro ile irekebishwe. Noti ya shilingi 170,000 inaweza kuzuia malipo ya shilingi milioni tatu na zaidi.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuandaa hati hizo ili jambo hilo lisitokee, kwa mfano wa muuzaji wa vitunguu mjini Kampala.

Hati mbili, kazi mbili

Dilivari noti, yaani hati ya kukabidhi mzigo, inajibu swali moja: nini kilipokelewa, kiasi gani, wapi, lini na nani alipokea. Kwa kawaida haiandikwi bei, kwa sababu mtunza stoo anayepokea hana mamlaka juu ya bei, na muuzaji hapendi dereva na utingo wajue kila mteja anauziwa kwa shilingi ngapi.

Ankara inajibu swali jingine: mteja anadaiwa kiasi gani na anatakiwa kulipa lini. Kwa mzigo mmoja mkubwa, ankara na dilivari noti huenda pamoja na ni rahisi kuzilinganisha. Kwa mizigo midogo 20 au 30 ndani ya mwezi, ankara huja baadaye, pengine wakati mtu aliyepokea mzigo wa kwanza ameshahamishwa jiko au ameacha kazi. Hapo karatasi ndiyo inayokumbuka kwa niaba ya watu.

Kitabu cha dilivari noti

Kitabu kizuri kina namba zilizochapwa tayari zinazofuatana, na kila namba ina nakala tatu. Nakala ya kwanza hubaki kwa mteja. Ya pili hurudi na dereva ikiwa na saini ya mpokeaji, na hiyo ndiyo itakayoambatanishwa na ankara. Ya tatu haitoki kitabuni.

Mambo yanayotakiwa kuonekana ni machache: namba ya noti, tarehe, jina la mteja na mahali hasa pa kupokelea, namba ya oda ya mteja kama anatoa oda, aina ya bidhaa, kiasi kilichopakiwa, na kiasi kilichopokelewa. Chini kunakuwa na jina la mpokeaji kwa herufi zinazosomeka, saini yake, tarehe aliyopokea, na muhuri kama mteja anao.

Safu ya kiasi kilichopokelewa ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Vitabu vingi vinavyouzwa madukani vina safu moja tu ya kiasi, ile ya kilichopakiwa. Mtunza stoo akikataa kilo tatu zilizooza, anaandika maelezo pembeni kwa kalamu, na pengine kwenye nakala yake peke yake. Mwisho wa mwezi nakala mbili za noti moja zinasema mambo mawili tofauti. Kama kitabu chako kina safu moja, piga mstari na uongeze ya pili kwa mkono kabla gari halijaondoka.

Jambo la pili ni noti iliyoharibika. Isichanwe. Nakala zote tatu zipigwe mstari, ziandikwe "imefutwa" na zibaki kitabuni. Namba ikikosekana katika mfuatano, mhasibu wa mteja atauliza iko wapi, na wewe mwenyewe hutajua kama ni mzigo uliopelekwa bila kudaiwa au karatasi iliyoharibika.

Mfano: vitunguu vya jikoni tatu

Chukua muuzaji anayenunua vitunguu vya Tanzania vinavyoingia kupitia mpaka wa Mutukula, kisha kuvisambaza mjini Kampala. Mteja wake ni kampuni yenye hoteli moja na migahawa miwili, yaani majiko matatu, na kila jiko linapokea mzigo wake lenyewe. Makubaliano ni ankara moja kwa mwezi, malipo ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara. Bei ni shilingi 3,000 za Uganda kwa kilo. Katikati ya mwezi wa Machi bei inapanda, na pande mbili zinakubaliana kwa maandishi kwamba kuanzia tarehe 16 itakuwa shilingi 3,400.

Mwezi huo muuzaji anatumia noti namba 0411 hadi 0436, yaani namba 26. Kabla ya kuandika ankara, anaandaa orodha ya noti zote kwa mfuatano wa namba. Baadhi ya mistari ya orodha hiyo inasomeka hivi:

| Noti | Tarehe ya kupokelewa | Jiko | Kilo zilizopakiwa | Kilo zilizopokelewa | Bei | Kiasi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0417 | 8 Machi | La pili | 50 | 47 | 3,000 | 141,000 |
| 0419 | imefutwa | – | – | – | – | – |
| 0425 | 16 Machi | La kwanza | 60 | 60 | 3,400 | 204,000 |
| 0431 | 24 Machi | La tatu | 50 | 50 | 3,400 | 170,000 |
| 0436 | 1 Aprili | La pili | inahamia Aprili | – | – | – |

Noti 0419 ilifutwa, lakini inabaki katika orodha ili mfuatano usikatike. Noti 0436 ilitoka stoo jioni ya tarehe 31 Machi, ikakuta jiko limefungwa, ikapokelewa asubuhi ya tarehe 1 Aprili. Kwa kuwa mteja ataingiza vitunguu hivyo katika daftari lake la stoo la Aprili, muuzaji naye anaihamishia Aprili na kuandika hivyo wazi. Akiiweka Machi, vitabu viwili havitalingana kamwe, hata kama hakuna aliyekosea hesabu.

Zinabaki noti 24. Ankara yenyewe haihitaji kurudia mistari yote. Inatosha iwe na mistari miwili, kwa sababu mwezi ulikuwa na bei mbili:

| Kipindi | Noti | Kilo zilizopokelewa | Bei | Kiasi |
|---|---|---|---|---|
| 1–15 Machi | 13 (0411–0424, bila 0419) | 638 | 3,000 | 1,914,000 |
| 16–31 Machi | 11 (0425–0435) | 543 | 3,400 | 1,846,200 |
| Jumla | 24 | 1,181 | | 3,760,200 |

Nyuma ya ankara inakaa orodha, na nyuma ya orodha zinakaa nakala za pili za noti, zimepangwa kwa namba. Mhasibu anaweza kuchukua kiasi chochote katika ankara, akakitafuta katika orodha, kisha akafikia saini ya mtu wa jikoni. Jumla ya kila jiko iongezwe chini ya orodha, kwa sababu kampuni ya namna hii hugawa gharama kwa kila jiko na itazihitaji hesabu hizo.

Tofauti zinazozuka

Tofauti ya kwanza ni ya uzito. Katika mfano huu gari lilipakia jumla ya kilo 650 katika nusu ya kwanza ya mwezi na kilo 550 katika nusu ya pili, lakini zilizopokelewa ni 638 na 543. Vitunguu hupoteza maji njiani na vingine huoza ndani ya gunia. Muuzaji anayeandika ankara kwa kutumia kitabu chake cha kupakia atadai shilingi 3,820,000, yaani shilingi 59,800 zaidi ya kile majiko yalichosaini. Mhasibu ataiona tofauti hiyo kwa kujumlisha tu noti alizo nazo, na tangu siku hiyo atakagua kila ankara yako kwa mashaka.

Dawa ni kukubaliana mapema kwamba kinacholipiwa ni kilo zilizopokelewa, na kwamba mizani itakayotumika ni ya jikoni, dereva akiwepo. Muuzaji anayeona upungufu umezidi asubiri asijaze ankara kwa nguvu. Apime mzigo kwenye mizani yake kabla ya kuondoka, alinganishe na noti za jiko lile moja kwa wiki mbili au tatu. Kama majiko mawili yanapungukiwa kidogo na la tatu linapungukiwa sana kila mara, kwa mzigo uliotoka gunia moja, tatizo ni mizani ya jiko hilo au ni njia ya kwenda huko. Kama yote matatu yanapungukiwa sawasawa, vitunguu vilinunuliwa vikiwa na maji mengi, na swali linarudi kwa aliyekuuzia mpakani.

Tofauti ya pili ni ya bei. Dilivari noti haina bei, kwa hiyo mhasibu atatumia bei iliyo katika oda yake. Kama barua ya kupandisha bei ilifika kwa meneja wa manunuzi lakini haikumfikia mhasibu, atazidisha kilo zote 1,181 kwa shilingi 3,000 na kupata 3,543,000. Pengo ni shilingi 217,200, na muuzaji hana saini yoyote ya jikoni inayoweza kumsaidia. Kinachomsaidia ni nakala ya makubaliano ya bei mpya, ambayo inatakiwa kuambatanishwa na ankara ya mwezi ule bei ilipobadilika. Makubaliano yenyewe yaseme bei mpya inafuata tarehe ya oda au tarehe ya kupokea. Mzigo ulioagizwa tarehe 15 na kupokelewa tarehe 16 huzua ubishi kila mahali ambapo neno hilo halikuandikwa.

Tofauti ya tatu ni noti iliyopotea. Tuseme nakala ya pili ya 0431 haikurudi. Dereva aliiweka mfukoni na ikalowa mvua. Nakala ya tatu iliyobaki kitabuni inaonyesha kwamba mzigo ulitoka, lakini haina saini ya mpokeaji, kwa hiyo haithibitishi kwamba ulifika. Njia ni kwenda jiko la tatu na kuomba kivuli cha nakala ya kwanza, au cha hati ambayo stoo ya mteja hujaza yenyewe kila inapopokea bidhaa. Fanya hivyo wiki ileile, mtunza stoo angali anakumbuka na karatasi haijapelekwa ghalani.

Kama mwezi umefungwa na noti bado haijapatikana, usiiache ndani ya ankara. Iondoe, utoe ankara ya shilingi 3,590,200, kisha zile 170,000 uziandikie ankara yake peke yake ushahidi utakapopatikana. Na kama ankara imeshapokelewa ndipo kasoro ikaonekana, muuzaji hutoa hati ya kupunguza deni inayotaja namba ya ankara na namba ya noti. Kufuta tarakimu kwa kalamu juu ya ankara iliyokwisha pokelewa huharibu vitabu vya pande zote mbili.

Kufunga wiki kabla ya kufunga mwezi

Wauzaji ambao ankara zao hulipwa bila maswali hawangoji tarehe 31. Kila Jumamosi huhesabu nakala za pili zilizorudi na kuzilinganisha na nakala za tatu kitabuni. Inayokosekana hutafutwa Jumatatu. Ile yenye saini bila jina, au yenye kiasi kilichokwanguliwa na kuandikwa juu yake, hurudishwa jikoni ikathibitishwe.

Siku mbili kabla ya ankara, orodha hupelekwa kwa mteja ikiwa peke yake, kwa mkono au kwa simu, ili mhasibu aweke alama kwenye noti anazokubali na anazozikataa. Ankara inapofika, mjadala umekwisha. Hatua hii ina faida kubwa kwa muuzaji kwa sababu siku za malipo huanza kuhesabiwa tangu ankara ilipopokelewa sawasawa. Ankara inayorudishwa kusahihishwa huanza safari yake upya.

Kodi: mahali ambapo ankara ya mwezi haitoshi

Vitunguu vibichi ni mazao ya kilimo yasiyosindikwa, na nchini Uganda mauzo yake yamesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Muuzaji wa sabuni, biskuti au soda hana nafuu hiyo. Kwake yeye sheria ya Uganda huhesabu kwamba mauzo yametokea pale la kwanza kati ya mambo haya linapotukia: bidhaa kukabidhiwa, malipo kufanyika, au ankara ya kodi kutolewa. Mzigo uliokabidhiwa Machi ni wa Machi, hata kama ankara imeandikwa tarehe 3 Aprili, na ritani ya Machi hutakiwa ifikapo tarehe 15 Aprili.

Kwa hiyo mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, kipindi cha mkusanyo kisivuke mwezi wa kalenda. Mteja anayetaka ankara ya kuanzia tarehe 21 hadi tarehe 20 anakuchanganyia miezi miwili ya kodi katika karatasi moja. Pili, sheria inataka ankara ya kodi itolewe wakati wa mauzo, na kwa aliyesajiliwa Uganda ankara hiyo hupitia mfumo wa EFRIS. Njia salama kwake ni kutoa ankara ya EFRIS kwa kila mzigo, na mwisho wa mwezi kumpelekea mteja taarifa ya deni inayoorodhesha namba za ankara hizo na namba za dilivari noti zake. Mteja bado analipa mara moja. Tanzania nako risiti ya mashine ya EFD hutakiwa wakati wa mauzo, kwa hiyo kule pia hati ya mwisho wa mwezi ni taarifa ya deni, na dilivari noti haichukui nafasi ya risiti.

Mteja akiwa ng'ambo ya mpaka

Msafirishaji anayevusha mizigo midogo kwenda kwa mteja aliye nchi jirani hawezi kuwaambia forodha kwamba ankara itakuja mwisho wa mwezi. Kila mzigo unaovuka unahitaji ankara yake inayoonyesha thamani, na kwa bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kuna cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani. Hapo tena hati ya mwezi inakuwa taarifa ya deni inayokusanya ankara zile. Jumla yake lazima ilingane na thamani zilizotamkwa forodha, mzigo kwa mzigo. Kama mteja amekataa kilo kadhaa baada ya kuvuka, tofauti hiyo ionyeshwe kwa hati ya kupunguza deni, wala isifichwe kwa kubadilisha bei.

Katika safari hizo namba ya dilivari noti iandikwe pia kwenye ankara ya mpakani na kwenye karatasi ya safari ya dereva. Namba moja ikionekana katika hati zote tatu, kulinganisha mwezi ni kazi ya saa moja.

Hesabu ya kungoja

Mwisho, ankara ya mwezi ni mkopo ambao mteja hauombi. Vitunguu vilivyopokelewa tarehe 1 Machi vinaingia kwenye ankara ya tarehe 31 Machi, na kwa masharti ya siku 30 vinalipwa tarehe 30 Aprili. Hizo ni siku 60, ilhali mkataba unasema 30. Kabla malipo ya Machi hayajaingia, muuzaji ameshapeleka mzigo wa Aprili karibu wote. Kwa biashara ya mfano wetu, anakuwa na zaidi ya shilingi milioni saba nje, wakati aliyemuuzia Mutukula alitaka fedha taslimu.

Asiye na mtaji wa kubeba miezi miwili anaweza kuomba ankara mbili kwa mwezi, ya tarehe 1 hadi 15 na ya tarehe 16 hadi mwisho. Mhasibu wa mteja anapata karatasi mbili badala ya 24, kipindi hakivuki mwezi wa kodi, na mzigo wa tarehe 1 Machi unalipwa katikati ya Aprili. Katika mfano huu ingemfaa kwa sababu nyingine pia: bei ilibadilika tarehe 16, na kila ankara ingekuwa na bei moja tu.